Ripoti ya kupima stima ya nyumba mpya: nambari zinaposutana

Ukipewa ripoti ya kupima stima ya nyumba mpya, usianze na pale palipoandikwa "imefaulu". Chukua nambari mbili tatu zilizo kwenye mstari mmoja uzipigie hesabu. Fomu iliyojazwa na mtu aliyeshika kipimaji huwa na nambari zinazotegemeana: urefu wa waya unatoa omu, omu za laivu na za athi zinatoa jumla inayoonekana kwenye soketi, na omu za rodi ya athi zinaamua breka gani italinda mtu na ipi haitamlinda. Fomu iliyojazwa mezani, chai iko pembeni, ina nambari za kupendeza ambazo hazijuani. Ukiziweka pamoja zinasutana.

Tuchukue nyumba moja ya mfano kule Bamburi: vyumba vitatu vya kulala, laini moja ya V 240, kuta za mawe ya matumbawe, nyaya ndani ya paipu za plastiki, na soketi zote za kibaraza na sebule zimefungwa kwa ringi moja, yaani waya unaotoka kwenye kasha la breka, ukapita kila soketi na kurudi kwenye kasha lilelile, wa milimita za mraba 2.5, wenye breka ya A 32. Waya wa athi kwenye ringi hiyo ni wa 1.5. Nyumba inategemea rodi yake yenyewe ya athi. Hilo la mwisho liandikwe juu kabisa ya fomu, kwa sababu viwango vya kufaulu hubadilika kulingana nalo, kama tutakavyoona.

Vipimo vya kwanza hufanywa stima ikiwa imezimwa, kabla mita haijafungwa au swichi kuu ikiwa chini na imefungiwa. Anayeanza kwa kuwasha taa ili mwenye nyumba afurahi ameruka nusu ya kazi. Taa itawaka hata athi ikiwa haipo kabisa.

Kwanza sawazisha kipimaji: shikanisha ncha za waya zake mbili ubonyeze kitufe cha sifuri mpaka isomeke 0.00 Ω. Waya za kupimia zenyewe zinaweza kuwa na omu 0.12 hivi, na usipoziondoa zitaingia kwenye kila mstari wa ripoti. Kisha fungua ncha zote za ringi kwenye kasha la breka, upime laivu mwisho kwa mwisho, nyutro mwisho kwa mwisho, na athi mwisho kwa mwisho. Fomu huziita r1, rn na r2.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Shaba ya 2.5 ina milioumu 7.41 kwa kila mita katika nyuzi joto 20, na ya 1.5 ina 12.10. Mombasa ukuta hauko nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 zidisha kwa 1.04. Ikiwa ringi yetu ina mita 54 za waya, laivu isomeke karibu 0.42 Ω, nyutro 0.42 vilevile, na athi karibu 0.68. Kipimaji kikitoa 0.41, 0.42 na 0.69, hiyo ni nyumba iliyopimwa. Tofauti ya laivu na nyutro isizidi 0.05 Ω, kwani zinapita paipu moja kwa urefu mmoja.

Sasa gawanya athi kwa laivu. Kwa waya za 2.5 na 1.5 jibu liwe karibu 1.6, haijalishi nyumba ni ndefu au fupi. Ukikuta ripoti yenye 0.54, 0.54 na 0.80, mgao ni 1.48, na tofauti ya kila nambari na ile tuliyotarajia ni 0.12 ileile. Huyo hakudanganya, alisahau kusawazisha waya zake. Lakini ukikuta 0.40, 0.40 na 0.40 huku mpangilio wa saketi unasema athi ni ya 1.5, basi ama waya uliotumika si ulioandikwa, ama athi haikupimwa. Nenda ukafungue soketi moja utazame.

Ringi iliyokatika ndiyo sababu ya usumbufu wote huu. Nyutro ikichomoka kwenye soketi moja katikati ya ringi, soketi zote zinaendelea kufanya kazi, na hakuna mtu atakayelalamika. Kilichobadilika ni kwamba mzigo uliokuwa ukigawana njia mbili unaweza kupita njia moja. Waya wa 2.5 ndani ya paipu unabeba kama A 24, na chini ya hapo ukutani penye joto. Breka ni ya A 32. Weka birika la umeme, oveni ndogo na mashine ya kufua kwa pamoja, na waya unachemka ndani ya paipu huku breka imetulia, kwa kuwa kwa upande wake hakuna kilichozidi. Kipimo cha rn mwisho kwa mwisho kingeonyesha kwamba njia haipo, na ingechukua dakika mbili.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanaiharakisha. Unganisha laivu ya mwisho wa kwanza na nyutro ya mwisho wa pili, na kinyume chake, kisha zungukia kila soketi upime laivu kwa nyutro. Jibu liwe robo ya r1 na rn zikijumlishwa: 0.84 gawanya kwa 4, yaani 0.21 Ω, karibu sawa kila mahali. Ukiona nambari zinapanda kadiri unavyoelekea katikati ya ringi kisha zinashuka, umeunganisha ncha za upande mmoja. Rudi kwenye kasha ubadilishe. Halafu fanya hivyohivyo kwa laivu na athi. Robo ya 1.10 ni kama 0.28 Ω, ingawa hapa nambari inacheza kidogo kwa sababu athi ni nyembamba kuliko laivu. Ile kubwa, ya katikati ya ringi, ndiyo inayoandikwa kwenye safu ya R1+R2.

Soketi ya barazani ikitoa 0.38 badala ya 0.28, usishtuke bado. Inawezekana ni tawi, waya wa mita tano uliovutwa kutoka soketi ya ndani, kwa sababu mita tano za laivu na athi pamoja ni kama 0.10. Mchoro uonyeshe tawi hilo. Kama mchoro hauna tawi, kuna kitu.

Na soketi ya jikoni ikitoa 0.38 kwa laivu na nyutro wakati jirani zake wote wako 0.21? Chomeka na uchomoe plagi ya kupimia mara kadhaa, upime tena, maana vumbi la plasta ndani ya soketi mpya hutosha kuongeza omu. Isiposhuka, fungua soketi. Mara nyingi ni skrubu iliyobana plastiki ya waya badala ya shaba, au waya mbili zilizoingizwa pamoja na moja haikufika ndani. Ziada ya 0.17 Ω inaonekana ndogo mpaka upige hesabu ya joto: A 13 mara A 13 mara 0.17 ni karibu W 29. Hilo ni joto la chuma cha kuchomea lehemu, limekaa nyuma ya kifuniko cha soketi birika likichemka. Soketi za jikoni zenye upande mmoja uliogeuka rangi ya kahawia zote zilipita hapo.

Sasa mega, yaani kipimo cha kama plastiki ya waya inazuia umeme usivuje. Toa balbu, chomoa kila kitu, zima swichi za hita na jiko, na kama kasha lina kinga ya radi, itoe kwenye laini kwanza. Kinga hiyo imetengenezwa ili ipitishe umeme volti zikizidi, kwa hivyo ukiipiga V 500 itakupa usomaji mbovu ambao hauhusu waya zako. Isipotoleka, kiwango kinakubali kupima kwa V 250 na kuandika hivyo. Unganisha laivu na nyutro pamoja, upime dhidi ya athi kwa V 500. Hii inaepusha pia taa ndogo nyekundu za swichi za jiko na hita, ambazo ukipima laivu kwa nyutro zitakuletea kiloomu mia kadhaa na kukufanya utafute tatizo lisilokuwepo.

Kiwango cha chini ni MΩ 1. Hiyo ndiyo nambari ya BS 7671 ya Uingereza na ya IEC 60364 ya kimataifa, na ndiyo inayochapishwa kwenye fomu. Nami nasema wazi kwamba nyumba mpya yenye MΩ 1.2 imefaulu kwa karatasi tu. Waya mpya ndani ya paipu kavu hutoa mamia ya megaomu au hupita kikomo cha kipimaji, na hapo unaandika kile skrini inachosema, kwa mfano >999 MΩ, si alama ya ukomo wala neno "safi". Chini ya MΩ 2 kuna maji, chumvi au msumari mahali fulani.

Hapa pia nambari zinasutana. Saketi zote zikipimwa pamoja kwenye kasha, jibu haliwezi kuzidi saketi mbaya kuliko zote. Saketi tano za MΩ 200 kila moja, zikiunganishwa, zinatoa MΩ 40. Ripoti inayosema saketi moja moja ni 200 na kasha zima ni 500 imeandikwa na mtu ambaye hakuzipima, au amepima moja akabuni nyingine.

Kwenye nyumba yetu ya Bamburi kasha zima lilitoa MΩ 0.91. Hufai kuandika "imefeli" ukaenda nyumbani. Tenganisha saketi moja moja. Ringi: >999. Taa za ndani: 340. Jiko: >999. Taa za nje: 0.92. Sasa unajua mahali. Shikilia kitufe dakika moja utazame skrini: nambari inayoyumba na kupanda polepole ni unyevu, isiyosogea kabisa mara nyingi ni kitu kigumu kinachogusa. Za nje ziliyumba. Taa ya ukuta unaotazama bahari ilikuwa imeingizwa waya bila mpira wa kuziba tundu, maji yameingia yakakauka, na ukungu mweupe wa chumvi umebaki juu ya terminali. Chumvi hiyo ikikauka kabisa saa nane mchana usomaji unaweza kufika MΩ 8, na alfajiri kwenye umande urudi chini ya 1. Ndiyo maana saa ya kupima na hali ya hewa ziandikwe. Kuikausha kwa kitambaa halafu kupima tena si kurekebisha. Badilisha taa, weka mpira wa kuziba, elekeza tundu la waya chini, kisha upime.

Plasta mbichi nayo hufanya hivyohivyo. Ukuta wa matumbawe uliopigwa plasta juzi una maji mengi, na mchanga ukiwa na chumvi ndiyo zaidi. Ukikuta saketi zote zimeshuka kwa pamoja, tuseme 3, 4, 3.5, na hakuna moja iliyo mbaya kuliko wenzake, subiri wiki mbili tatu urudie. Tatizo la kweli huwa halijagawanyika kwa usawa hivyo.

Usomaji wa 0.00 ni habari nyingine. Hapo shaba imegusa shaba, na badala ya kubomoa ukuta unatumia tena kipimo cha omu ndogo. Tuseme nyutro na athi ya taa za chumbani zimegusana, waya zote za 1.5, na ukipima kutoka kwenye kasha unapata 0.31 Ω. Kila mita ya kwenda na kurudi ni kama milioumu 25. Gawanya: ni mita 12 za waya kutoka kwenye kasha. Fuata paipu mita 12, utakuta fimbo ya pazia na skrubu zake mbili. Nyutro na athi zikigusana namna hii taa zinawaka vizuri sana, lakini RCD, ile kinga inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, itaanguka kila mara mtu akiwasha mzigo, na lawama itaenda kwa RCD.

Tuje kwenye rodi, ambako Pwani ina mambo yake. Chini ya udongo mwembamba wa Bamburi, Nyali au kisiwani kuna mwamba wa matumbawe. Rodi ya mita 1.2 haiendi kirahisi, na fundi aliyechoka huikata kwa msumeno ikabaki nusu, kisha akafukia. Kipimo ndicho kitakachomsema.

Njia ya vigingi ni hii: tenganisha waya wa athi na rodi, swichi kuu ikiwa chini, piga kigingi cha mbali mita 30 na cha kati mita 15. Soma. Sogeza cha kati mita 3 karibu, soma. Sogeza mita 3 mbali, soma. Kwa mfano wetu rodi moja ilitoa 142 Ω. Rodi ya pili ikaongezwa mita 3 kutoka ya kwanza, na masomo matatu yakawa 76.9, 78.2 na 79.6. Wastani ni 78.2, na hakuna hata moja iliyopotoka zaidi ya asilimia 2. Yakiwa 52, 78 na 140, wastani wake hauna maana. Vigingi viko karibu mno na rodi, au kimoja kiko juu ya bomba la chuma. Rodi ya pili haipunguzi omu nusu kamili, ila inakaribia, mradi umbali baina yake na ya kwanza usiwe mfupi kuliko urefu wa rodi. Ukikuta rodi mbili zimepigwa hatua moja kutoka moja hadi nyingine, umenunua shaba ya bure.

Viwanja vyetu vingi havina mita 30, na uani kumejaa kabro. Hapo hupimwa lupu baada ya stima kuingia: rodi imetenganishwa na nyumba, swichi kuu iko chini, na kipimaji kinasoma njia nzima kutoka kwenye laini, kupitia rodi yako na ardhi, mpaka rodi ya transfoma. Tupate 81 Ω. Lupu lazima iwe kubwa kuliko rodi peke yake, kwa sababu imebeba na njia ya upande wa pili. Ikiwa ripoti inasema rodi 78 na lupu 40, waya wa athi haukutenganishwa, na kuna bomba au chuma cha jengo kinachosaidia chini kwa chini. Fomu iseme ni njia gani ilitumika. Na swichi kuu isipandishwe mpaka waya wa athi umerudishwa kwenye rodi na skrubu imekazwa.

Sasa tazama hiyo 81 Ω inamaanisha nini. V 240 gawanya kwa 81 ni kama A 3. Laivu ikigusa mwili wa friji, A 3 tu ndizo zinazokwenda ardhini. Breka ya A 32 haitazihisi hata usiku kucha, na hata ya A 6 ya taa haitaanguka. Kinga yote ya mtu kwenye nyumba ya namna hii imekaa juu ya RCD. Kwa hivyo ukiona fomu yenye safu ya kikomo cha lupu iliyoandikwa 1.37 Ω kwa breka ya B32, hiyo imenakiliwa kutoka jedwali la nyumba zinazoletewa athi na laini. Hapa ni kosa, na anayeiandika ama atajifelisha ama, jambo linalotokea zaidi, atabuni 0.9 ili afaulu.

Kikomo halali hapa ni hiki: omu za rodi mara mkondo wa RCD zisizidi V 50. Kwa RCD ya mA 30, rodi ya 1667 Ω ingefaulu kwa hesabu. Hakuna anayetaka rodi hiyo. Juu ya 200 Ω usomaji hauaminiki kwa sababu udongo ukikauka unapanda tena, na 160 ya mwezi wa Mei, masika ardhi imelowa, yaweza kupita 200 Februari kaskazi ikivuma. Binafsi naomba chini ya 100 kwa siku yoyote ile, na tarehe ikiandikwa.

Kuna mtego mmoja hapa. Ukipima lupu kwenye soketi ya mwisho utapata 81 na kitu, yaani lupu ya rodi kujumlisha ile 0.28 ya ringi. Skrini ya omu themanini haioneshi tofauti hiyo vizuri. Ile skrubu legevu ya 0.17 Ω tuliyoipata jikoni ingezama humo kabisa. Ndiyo sababu kipimo cha lupu hakiwezi kuchukua nafasi ya vipimo vya stima ikiwa imezimwa, hata kama ripoti itaonekana imejaa.

Laivu kwa nyutro ndiko breka zinakopata hesabu yao. Kwenye kasha lupu ya laivu na nyutro ilitoka 0.38 Ω: mkondo wa shoti ni A 632, unaoandikwa kA 0.63, na breka zilizochapishwa 6000 zinaumudu. Katikati ya ringi ongeza 0.21, iwe 0.59, na mkondo A 407. Breka ya aina C ya A 32 yaweza kuhitaji hadi mara kumi, A 320, ili iruke papo hapo. Inatosha, ila kwa nafasi ndogo. Maduka yetu yamejaa aina C, na fundi akiichukua bila kuangalia kwa nyumba iliyo mwisho wa laini, ambako lupu ya soketi ya mbali ni 0.85, anapata A 282, na breka itachelewa. Aina B inahitaji A 160 pekee. Herufi hiyo moja mbele ya 32 iwepo kwenye ripoti. "Breka A 32" peke yake haijasema kitu.

RCD hupimwa vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Kwa nusu ya mkondo, mA 15, isianguke. Kwa mA 30 ianguke ndani ya milisekunde 300, na kwa mara tano, mA 150, ndani ya 40. Kila kipimo kifanywe kwa nyuzi 0 na nyuzi 180 za wimbi la umeme, uandike kubwa. Marekebisho ya BS 7671 ya 2022 yanatosheka na kipimo cha mA 30 peke yake, lakini fomu nyingi bado zina safu ya mara tano, na mimi sioni sababu ya kuiacha wazi. Nyumba yetu: 24 na 31, kisha 12 na 17. Nambari hizi hazifanani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta 20, 20, 20, 20, muulize aliyejaza kipimaji chake ni cha aina gani. Na kipimo cha mara tano kinasutana na rodi: mA 150 mara 81 Ω ni V 12, hakuna tabu. Kwa rodi ya 500 Ω ingekuwa V 75, na kipimaji kizuri kinakataa kuendelea kikiona zaidi ya V 50. Ripoti yenye rodi ya 500 na muda wa mara tano uliojazwa vizuri haikupimwa.

"Fundi, si nimebonyeza kitufe cha T na imeanguka?" Swali hili mwenye nyumba huuliza kila mara, na ni swali zuri. Kitufe kinazungusha mkondo ndani ya RCD yenyewe. RCD ingeanguka hata kama hakuna rodi hata moja uani.

Zimebaki sahihi. Fomu ya kawaida ina nafasi tatu: aliyesanifu, aliyefunga, aliyekagua na kupima. Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu kwenye nyumba ndogo, basi atie sahihi mara tatu, kwa kuwa ni dhamana tatu. Pembeni ya sahihi liwepo jina, nambari ya leseni ya EPRA na daraja lake, tarehe ya kupima (si ya kuandika), pamoja na aina ya kipimaji, nambari yake na tarehe kiliposawazishwa maabara. Bila nambari ya kipimaji huwezi kurudia kipimo na kujua tofauti imetoka wapi.

Sehemu ya mipaka ndiyo inayoachwa tupu mno, na ndiyo inayomlinda aliyesaini. Pampu ya kisima haijaletwa? Andika kwamba saketi ya pampu imepimwa mpaka kwenye swichi ya karibu nayo tu. Kinga ya radi ilitolewa wakati wa mega na kurudishwa? Andika. Vigingi havikuwezekana kwa sababu ya kabro? Andika. Tarehe ya ukaguzi ujao nayo iwekwe. Mwongozo wa Uingereza huruhusu hadi miaka 10 kwa nyumba ya kuishi, ila kwa taa za nje zinazopigwa na upepo wa bahari nisingeandika zaidi ya 5.

Na ile 0.92 ya taa za nje isifutwe. Ikatwe kwa mstari mmoja ili isomeke, pembeni yake iandikwe taa iliyobadilishwa, usomaji mpya wa >999, tarehe ya siku hiyo, na herufi za mwanzo za jina la aliyepima. Nakala moja ibaki na fundi, moja kwa mwenye nyumba, na karatasi ya mpangilio wa saketi ibandikwe ndani ya mlango wa kasha, ndani ya nailoni, maana karatasi tupu huku kwetu haipiti masika mawili.